Dakika za foleni ya maji Goma: barua pepe ya kumweleza msimamizi kwa nini jaribio lilibadilishwa

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo, na swali lake lilieleweka na kila mtu anayechota maji Goma. Baadhi ya mabomba ya umma yana tangi pembeni: maji yakija usiku yanahifadhiwa, asubuhi watu wanachota hata kama mtambo umesimama. Mabomba mengine hayana tangi. Yanategemea maji yanayosukumwa kutoka Ziwa Kivu saa ile ile. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba kisima ni kazi ngumu sana, kwa hiyo maji lazima yapandishwe kutoka ziwani, na umeme ukikatika maji nayo yanakatika. Shirika lilitaka kujua: je, tangi linapunguza muda wa kungoja kiasi cha kuhalalisha gharama ya kuweka mengine?

Dada mmoja kijana anayeshughulikia takwimu za mradi alichagua mabomba 20 kwa kura, 10 yenye tangi na 10 yasiyo nalo. Kwenye kila bomba mtafiti alifuata bidoni moja ya lita 20 tangu inawekwa kwenye foleni mpaka inajaa, akaandika dakika. Mpango ulioidhinishwa na msimamizi, ambaye yuko Bukavu, ulisema wazi: wastani wa makundi mawili utalinganishwa kwa jaribio la t la Student, kiwango cha 0.05.

Majina nimeyaacha, na dakika nimezipanga upya kwa umbo lile lile ili wenye data wasitambulike. Hesabu zote zilizo hapa zimefanywa kwa namba hizi, na msomaji mwenye kompyuta anaweza kuzirudia.

Yenye tangi: 5, 6, 7, 8, 10, 11, 12, 14, 17, 30.
Bila tangi: 9, 13, 15, 18, 20, 24, 31, 45, 95, 180.

Barua pepe ya kwanza aliyomtumia msimamizi ilikuwa fupi:

«Jambo Mama Shefu. Tulipanga jaribio la t, lakini data hazikufuata mgawanyo wa kawaida, Shapiro-Wilk imetoa p chini ya 0.05. Kwa hiyo tumetumia Mann-Whitney, na tofauti ni ya maana kitakwimu, p = 0.005. Asante.»

Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini Mama Shefu alijibu kwa swali moja: «Jaribio la t lilitoa p gani, na uliliona kabla au baada ya kubadilisha?» Hapo ndipo dada huyu aliponipigia simu, akihisi ametuhumiwa.

Mimi naona swali lile lilikuwa halali kabisa. Jaribio lililopangwa lilitoa p = 0.07, yaani juu ya mstari uliowekwa. Jaribio lililokuja baadaye limetoa 0.005. Msimamizi anayesoma barua ile fupi anaona jambo moja tu: mtu alikosa jibu alilolitaka, akatafuta jaribio lingine, akalipata. Na kinga ya barua ile, «Shapiro p chini ya 0.05», haitoshi, kwa sababu haisemi masharti yalivunjika kwa namna gani, wala kuvunjika huko kuliharibu nini kwenye jibu.

Tukae kwanza kwenye hilo la pili, kwa sababu ndilo linalobeba barua nzima.

Kundi la tangi lina wastani wa dakika 12, kundi lisilo na tangi dakika 45. Tofauti ni dakika 33. Kwa mtu anayesimama na bidoni alfajiri, dakika 33 ni muda mrefu. Kwa nini basi jaribio la t halikuiona? Kwa sababu jaribio la t linagawanya tofauti ya wastani kwa kipimo cha mtawanyiko, na mtawanyiko wa kundi la pili umebebwa na mabomba mawili, lile la dakika 95 na lile la dakika 180. Mkengeuko sanifu wa kundi la tangi ni kama 7. Wa kundi lisilo na tangi ni kama 54. Jaribio la Student linachanganya mitawanyiko hiyo miwili na kuifanya mmoja, likidhani ni sawa. Hapa huhitaji hata jaribio la Levene kuona kwamba si sawa.

Sasa fanya zoezi moja ambalo nilimwomba dada huyu alifanye kabla ya kuandika lolote. Toa kwa muda lile bomba la dakika 180, uone jaribio la t linasema nini. Tofauti ya wastani inashuka kutoka dakika 33 hadi 18, karibu nusu. Ungetarajia ushahidi upungue. Lakini p inashuka kutoka 0.07 hadi 0.055: ushahidi unaonekana kuwa na nguvu zaidi! Maana yake ni kwamba bomba lililowachelewesha watu kuliko yote, ambalo linaunga mkono hoja ya tangi kuliko lingine lolote, linahesabiwa na jaribio la t kama sababu ya kutoiamini hoja hiyo. Namba ile inaongeza tofauti kwa juu, lakini inaongeza mtawanyiko kwa chini zaidi ya hapo. Jaribio linalofanya hivyo haliendani na data hizi, na hii ndiyo sababu ambayo msimamizi anastahili kuisoma. Inaeleza mengi kuliko p ya Shapiro-Wilk.

Niseme hapa kwamba zoezi lile lilikuwa la kuangalia tu. Dakika 180 hazifutwi. Tulifungua daftari la mtafiti: umeme ulikatika asubuhi ile, maji yakasimama, na yaliporudi wauzaji wa maji walikuwa wamefika na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilizojaa mabidoni, wakajaza kwa pamoja. Hiyo si kosa la kuandika. Ndiyo hali ambayo tangi linakusudiwa kuizuia. Ukiifuta ili mgawanyo upendeze, umefuta kisa chenyewe.

Tuje kwenye ukaguzi. Kwenye programu ya R ni mistari michache:

```
dakika <- c(5, 6, 7, 8, 10, 11, 12, 14, 17, 30,
            9, 13, 15, 18, 20, 24, 31, 45, 95, 180)
aina <- rep(c("tangi", "bila_tangi"), each = 10)
shapiro.test(dakika[aina == "tangi"])
shapiro.test(dakika[aina == "bila_tangi"])
wilcox.test(dakika ~ aina)
```

Shapiro-Wilk kwa kundi la tangi inatoa W ya 0.826 na p ya 0.03, kwa kundi lisilo na tangi W ni 0.685 na p iko chini ya 0.001. Angalia kwamba jaribio linafanywa ndani ya kila kundi. Nimeona watu wakikusanya dakika zote 20 pamoja na kuzipima mara moja. Hapo hata makundi mawili yaliyo mazuri kabisa yanaweza kuonekana mabaya, kwa sababu tu wastani wake umeachana. Jambo lingine: kwa mabomba 10 kwa kundi, Shapiro-Wilk haina macho makali. Ikikaa kimya haithibitishi kwamba masharti yametimia. Ikipiga kelele kwa sampuli ndogo namna hii, ujue mkengeuko ni mkubwa. Grafu ya Q-Q ya kundi la pili inaonyesha hilo bila hesabu: alama nane zinatambaa chini, kisha mbili zinaruka juu peke yake.

Kuna wanaosema basi tungetumia jaribio la Welch, ambalo halidai mitawanyiko iwe sawa. Ni pendekezo la busara, na kwa kazi nyingi ningeanza nalo. Lakini hapa makundi yana idadi sawa, kwa hiyo t ya Welch ni ile ile ya Student, 1.93, kinachobadilika ni digrii za uhuru, zinazoshuka kutoka 18 hadi takriban 9, na p inakuwa 0.085. Welch inatibu tatizo la mitawanyiko. Tatizo la mkia mrefu inaliacha pale pale, kwa sababu bado inatumia wastani na mkengeuko sanifu.

Mann-Whitney inafanya kazi kwa mpangilio tu. Unaweza kuihesabu kwa vidole: chukua kila bomba lisilo na tangi, ulilinganishe na kila bomba lenye tangi, jumla jozi 100. Hesabu ni mara ngapi lile lisilo na tangi limechelewesha zaidi. Kwa namba zetu ni mara 86. Bomba la dakika 180 linashinda jozi zake 10, na hata lingekuwa dakika 300 lingeshinda 10 zile zile. Halipotei, na wala halitawali wenzake.

Hapa ndipo barua ya kwanza ilikuwa na pengo ambalo hata Mama Shefu hakuliuliza. Ukibadilisha jaribio, umebadilisha swali. Jaribio la t lilikuwa linauliza kuhusu tofauti ya wastani. Mann-Whitney inauliza: ukichukua bomba moja la kila aina bila kuchagua, kuna uwezekano gani lile lisilo na tangi likakuchelewesha zaidi? Wengi wanaandika kwamba inalinganisha mediani. Hiyo ni kweli pale tu ambapo makundi yana umbo moja na yamesogezwa tu, na hapa maumbo hayafanani hata kidogo. Mediani tunaweza kuzitaja kama maelezo, 10.5 na 22, lakini p ya 0.005 si ya mediani. Na kama shirika linataka kujua saa ngapi kwa jumla wakazi wanapoteza kwenye foleni, wastani bado ndio unaohitajika, kwa maana jumla inatokana na wastani. Jaribio jipya halijibu hilo, na barua isiyosema hivyo inamwachia msimamizi kuelewa vibaya.

Limebaki lile swali la kabla au baada. Nilimwuliza dada huyu moja kwa moja. Alijibu kwamba mistari ya jaribio la t na ya ukaguzi ilikuwa kwenye faili moja, akaiendesha yote pamoja, kwa hiyo p ya 0.07 aliiona saa ile ile alipoiona Shapiro. Nikamwambia: andika hivyo hivyo. Alisita, kwa hofu kwamba inaonekana vibaya. Lakini msimamizi ambaye ameambiwa kwamba p ilionekana anaweza kupima sababu zilizotolewa. Msimamizi aliyefichwa akija kugundua, hatapima tena kitu chochote kutoka kwako.

Kwa kuwa hatuwezi kudai kwamba uchaguzi ulifanywa bila kuona matokeo, tunahitaji kitu kingine cha kuonyesha kwamba hitimisho halitegemei uchaguzi mmoja. Tuliongeza uchambuzi wa tatu: kuchukua logi ya dakika, kisha Welch juu ya logi hizo. Muda wa kungoja mara nyingi hukua kwa kuzidishwa: umeme ukikatika, foleni haiongezeki dakika tano tu, inaongezeka mara mbili au tatu. Kwenye logi, Shapiro-Wilk inatulia kwa makundi yote mawili (W 0.974 na 0.925), na jibu linatoka kama uwiano: bila tangi unangoja takriban mara 2.7, na muda wa uhakika wa asilimia 95, yaani masafa ambamo uwiano wa kweli unakadiriwa kuwa, ni kuanzia mara 1.3 hadi mara 5.6. Uchambuzi huu una masharti tofauti na ya Mann-Whitney, na bado unaelekea upande ule ule.

Barua ya pili, ile iliyokwenda Bukavu, ilikuwa hivi:

«Jambo Mama Shefu,

Asante kwa swali lako. Najibu kwanza ulilouliza: jaribio la t lililopangwa lilitoa p = 0.07, na niliiona wakati mmoja na matokeo ya ukaguzi, kabla ya kuamua kubadilisha. Mpango wetu haukuwa umeandika tufanye nini masharti yakivunjika, kwa hiyo uamuzi huu ni wetu wa baadaye, na naomba uupime kama ulivyo.

Sababu ya kubadilisha. Dakika za kundi lisilo na tangi zina mkia mrefu: mabomba nane yako chini ya dakika 50, mawili ni 95 na 180. Mkengeuko sanifu ni 54, wakati kwa kundi la tangi ni 7. Shapiro-Wilk imekataa mgawanyo wa kawaida kwa makundi yote mawili (p 0.03 na chini ya 0.001). Athari yake kwenye jaribio la t inaonekana hivi: tukiondoa kwa majaribio bomba la dakika 180, tofauti ya wastani inapungua kutoka 33 hadi 18, lakini p inashuka hadi 0.055. Jaribio linahesabu ucheleweshaji mkubwa kama ushahidi dhidi ya ucheleweshaji. Bomba hilo hatukuliondoa kwenye uchambuzi wowote tunaokuletea. Daftari linaonyesha umeme ulikatika.

Tulichotumia badala yake ni Mann-Whitney: p = 0.005. Katika jozi 100 za mabomba, lile lisilo na tangi lilichelewesha zaidi mara 86. Hili ni swali tofauti kidogo na lile la mpango: linahusu bomba gani linachelewesha zaidi, halihusu wastani. Kwenye logi za dakika tunapata kwamba bila tangi muda ni mara 2.7 (1.3 hadi 5.6).

Kuhusu wastani wenyewe, tofauti ni dakika 33, lakini kwa Welch muda wa uhakika unaanzia takriban −6 hadi 72. Kama unahitaji jumla ya saa zinazopotea kwa ajili ya bajeti, data hizi hazitoshi kukupa namba ya kutegemea.

Kila bomba limetoa kipimo kimoja, kwa hiyo vipimo havitegemeani kwa njia hiyo. Lakini vyote vimechukuliwa asubuhi, na mabomba hayakupewa tangi kwa kura. Huenda yenye tangi yako kwenye karitie zenye maji mazuri zaidi tangu mwanzo. Kubadilisha jaribio hakutibu hilo.

Naomba uamuzi wako: tuandike jaribio la t kama matokeo ya mpango na Mann-Whitney kama nyongeza iliyoamuliwa baadaye, au uko radhi Mann-Whitney iwe matokeo makuu, na la t litajwe kando yake? Kwa vyovyote vile yote mawili yatakuwa kwenye ripoti. Faili la data na mistari ya R nimeambatanisha.»

Nitazame aya moja kwa karibu, ile ya vipimo visivyotegemeana, kwa sababu inapitwa kirahisi. Watu wengi wanaamini kwamba jaribio la mpangilio halina masharti. Lina sharti zito kuliko yote: kila kipimo kiwe cha kwake. Kama mtafiti angefuata bidoni tano kwenye kila bomba, tungekuwa na vipimo 100, p ingeshuka sana, na furaha ingekuwa kubwa. Lakini bidoni tano za foleni moja zinangoja umeme ule ule. Hapo wala t wala Mann-Whitney visingefaa kama vilivyo. Ingebidi kuchukua wastani au mediani ya kila bomba kwanza, au kutumia modeli inayolitambua bomba kama kundi. Dada huyu alifanya vizuri tangu shambani, na hilo limeokoa kazi kuliko jaribio lolote.

Mama Shefu alijibu siku iliyofuata. Alichagua njia ya kwanza: jaribio la t libaki kama matokeo ya mpango, Mann-Whitney iwekwe chini yake na sababu zake zote, na hitimisho liandikwe kwa maneno ya jozi 86 kati ya 100. Dada huyu alitamani njia ya pili. Mimi nilikubaliana na msimamizi, kwa kuwa mpango haukuwa na njia mbadala iliyoandikwa, na msomaji wa nje anastahili kuona mpangilio wa mambo ulivyotokea.

Kwa awamu ya pili, ambayo itachukua mabomba mengi zaidi na asubuhi na jioni, mpango umeandikwa upya kabla ya mtu yeyote kwenda kwenye foleni. Haukuwekwa utaratibu wa «pima Shapiro kwanza, kisha chagua», kwa sababu kuchagua jaribio kwa kutegemea jaribio lingine kunaharibu kiwango cha makosa cha lile la mwisho, na tayari tunajua dakika za foleni zina mkia. Sentensi iliyokubaliwa ni hii: «Dakika zitachambuliwa kwa logi kwa jaribio la Welch, matokeo yatatolewa kama uwiano na muda wake wa uhakika, Mann-Whitney itaripotiwa kando, wastani wa dakika utatolewa kwa muda wa uhakika wa bootstrap kwa ajili ya bajeti, hakuna kipimo kitakachoondolewa isipokuwa daftari linaonyesha kosa la kuandika.»